Sketi 100, mita 85

Wiki ya pili ya Februari, miaka mingi iliyopita, mama mmoja aliingia kwenye chumba cha ushonaji cha shangazi yangu mjini Morogoro akiwa amebeba beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na maji ya bluu, sketi ya shule, na blauzi ambayo asubuhi ile ilikuwa nyeupe. Hakupiga kelele. Aliliweka beseni juu ya meza ya kukatia, akasema: "Dada, hebu tazama mwenyewe."

Shangazi alitazama. Sketi ilikuwa imeshonwa vizuri, marinda yamekaa, zipu imenyooka, pindo limefuata mstari. Fundi hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kitambaa, na kitambaa kilikwishanunuliwa kwa muuzaji wa jumla ambaye alikuwa amefungua jora, akalipiga kofi mara mbili, akasema rangi haitoki. Kabla ya Machi kuisha sketi zaidi ya 30 zilirudi kutoka kwenye kundi hilohilo. Tulizishona upya kwa kitambaa kingine, bure, na faida ya msimu mzima ikaishia hapo.

Nimeanza na beseni kwa sababu watu wengi wanaoniuliza habari za kuanzisha biashara ya sare za shule huuliza cherehani. Wanataka kujua aina gani, ya umeme au ya miguu, na mjini inauzwaje. Cherehani ni muhimu, lakini katika sare siyo inayomfilisi mtu. Kinachomfilisi ni kitambaa asichokijua, na namna anavyokitandika mezani kabla ya kukitia mkasi. Mambo hayo mawili ndiyo nitakayoyaeleza, kwa kutumia sketi moja ya kawaida ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Hapa Tanzania mwaka wa masomo wa shule za msingi, na wa sekondari hadi kidato cha nne, unaanza Januari. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne kwenye shule za serikali, lakini sare zilibaki kuwa jukumu la mzazi. Kwa hiyo kila Desemba na Januari wazazi wote wa mtaa mmoja wanatafuta nguo ya rangi moja kwa wakati mmoja. Hakuna biashara nyingine ya kushona yenye mteja wa uhakika namna hiyo, na hakuna nyingine inayomwadhibu haraka aliyekosea. Gauni la harusi likikosewa, anayelalamika ni bibi harusi na ndugu zake. Sare ikikosewa, darasa zima linatembea na kosa lako barabarani kila asubuhi.

Tuanze na kitambaa chenyewe kinakotoka. Pamba yetu hulimwa zaidi Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga zikiwa mbele, na sehemu kubwa yake huuzwa nje ikiwa bado ni pamba nyuzi, haijasokotwa wala kufumwa. Kulikuwa na wakati ambapo mambo yalikuwa mengine. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma vilivalisha nchi hii. Soko lilipofunguliwa, nguo za nje na mitumba vikaingia, na viwanda vingi vya umma vikadhoofika au vikafungwa. Vilivyobaki na vilivyofufuliwa, kama 21st Century cha Morogoro na Nida cha Dar es Salaam, vinajulikana zaidi kwa khanga na vitenge. Jirani zetu wana simulizi inayofanana: Rivatex ya Eldoret ilianguka, kisha ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufufuliwa.

Matokeo yake ni kwamba ukiingia kwenye duka la vitambaa vya sare leo, utakuta vya ndani na vya nje vimelala pamoja kwenye rafu moja, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hana uhakika kipi ni kipi. Kwa nini basi fundi ajisumbue kutafuta cha ndani? Uzalendo ni jambo jema, lakini sababu ninayoiamini zaidi ni ya kibiashara. Sare haishonwi mara moja ikaisha. Februari wanafunzi waliohamia wanakuja, Julai mtoto mwingine amerefuka, mwaka ujao darasa jipya linaingia, na wote wanataka bluu ileile. Kitambaa cha kontena kikiisha, kimeisha, na bluu ya kontena linalofuata huwa bluu nyingine. Kiwanda kilicho ndani ya nchi unaweza kukirudia, wewe mwenyewe au kupitia wakala wake, ukiwa na kipande cha kitambaa mkononi na kusema nataka hiki tena. Likitokea la beseni, una mlango wa kugonga.

Kizuizi chake nakisema wazi. Kiwanda hakitii rangi mpya kwa ajili ya mita 85. Mashine za kutia rangi hufanya kazi kwa mafungu makubwa, kwa hiyo kikundi kidogo kitapata rangi zilizokwisha kuzoeleka, kama bluu ya sare, kaki, kijani cha giza au nyeupe, na si ile zambarau ya pekee ambayo shule binafsi fulani imeichagua. Ukitaka rangi ya pekee, ungana na vikundi vingine, au uiache kazi hiyo. Kuifuata zambarau kwa kuokoteza majora kutoka maduka manne ni njia fupi ya kulirudia beseni la shangazi.

Baada ya Februari ile, shangazi hakununua tena jora kabla ya kununua nusu mita. Nusu mita hiyo ilikuwa inapita mikononi mwake siku kadhaa, na sisi vijana tulidhani anapoteza muda. Alikuwa anauliza kitambaa maswali.

Swali la kwanza ni kimefumwa kwa nyuzi gani. Chomoa nyuzi chache ukingoni, zile za mtande, zinazokwenda na urefu wa jora, na zile za mshindio, zinazokwenda kwa upana. Ziwashe moja moja ukiwa umezishika kwa kibanio. Pamba huwaka kama karatasi, harufu yake ni ya karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini ya kijivu. Poliesta huukimbia moto, huyeyuka, na huacha kitone kigumu cheusi usichoweza kukisaga kwa vidole. Mchanganyiko hufanya yote mawili: unawaka na kuacha vitone. Hapo utajua kama unachoambiwa ni pamba tupu ni pamba kweli.

Lakini jibu la swali hilo lisikufanye udharau mchanganyiko. Kwa shati la mtoto wa Dar es Salaam au Tanga, pamba nyingi ni huruma kwa mwili wake, kwa sababu poliesta tupu hainywi jasho. Kwa sketi na suruali mambo yanabadilika. Sketi ya pamba tupu hupoteza marinda mara moja ikifuliwa, inataka pasi kila siku, na nyumba nyingi hazina pasi ya umeme wala muda wa kuwasha mkaa asubuhi. Mchanganyiko wenye poliesta zaidi ya nusu hushika rinda na hukauka haraka. Mimi ningeshona shati lenye pamba nyingi na sketi ya mchanganyiko, na ningemweleza mzazi sababu.

Swali la pili ni kama kitambaa kimejazwa wanga. Kitambaa hafifu hupakwa wanga kiwandani ili kionekane kizito na kigumu dukani. Kikunje mkononi na kukisugua kwa nguvu juu ya kitu cheusi. Unga mweupe ukidondoka, unanunua wanga kwa bei ya nguo. Baada ya kufua mara moja kitalegea kama kitambaa cha kuchujia tui, na ukikiinua dhidi ya jua utaona vidole vyako upande wa pili.

Njia nyepesi ya kupata uzito wa kweli ni kufua kwanza, kukausha, kisha kukata mraba wa sentimita 10 kwa 10 na kumpelekea sonara aupime kwenye mizani yake. Zidisha gramu kwa 100, utapata uzito wa mita moja ya mraba. Kitambaa cha shati huwa kati ya gramu 110 na 130 hivi. Cha sketi, kaptula au suruali kinatakiwa kiwe gramu 200 au zaidi. Kaptula ya gramu 150 itachanika makalioni kabla ya likizo ya Juni, maana mtoto wa darasa la tatu hakai, anasugua.

Swali la tatu ndilo la beseni. Kata kipande cha bluu, kishonee kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, ufue vyote pamoja kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu, kwa mkono uleule wa nyumbani, ukisugua. Kausha bila kuvitenganisha. Fanya hivyo mara tatu. Kitambaa cha pamba cheusi au bluu ya giza kinaweza kutoa rangi kidogo mara ya kwanza, kwa sababu kuna rangi iliyobaki juu ya nyuzi ambayo haikusuuzwa vizuri kiwandani. Hiyo inasameheka. Kikiendelea kutoa mara ya tatu, na cheupe kikabadilika, kirudishe. Watu watakuambia ukiloweke kwenye maji ya chumvi rangi ishike. Chumvi ina kazi yake ndani ya sufuria ya kutilia rangi, lakini haiwezi kuifunga rangi ambayo haikushika wakati huo. Tuliloweka sana kwa chumvi, Februari ile.

Kipande kingine kifunike nusu kwa ubao au kigae, ukiache juani wiki mbili. Nusu iliyoachwa wazi ikipauka ukaona mstari, ujue sketi itapauka mgongoni kabla ya mbele, kwa sababu nguo huanikwa na kusahaulika ikiwa upande mmoja.

Swali la mwisho ni la kusinyaa. Kwa kalamu isiyofutika, chora mraba wa sentimita 40 kwa 40, ukihakikisha mstari mmoja unafuata mtande. Fua, kausha, piga pasi, pima tena. Ukikuta sentimita 38 upande wa mtande, kitambaa kimepoteza asilimia 5 ya urefu. Vitambaa vingi vya pamba husinyaa zaidi kwenye urefu kuliko upana, ndiyo maana mtoto huonekana kama amerefuka ghafla baada ya wiki mbili za shule. Asilimia 3 ni ya kawaida. Asilimia 5 unaweza kuishi nayo kama unaijua kabla ya kukata. Hasara huja pale unapoijua kutoka kwa mzazi.

Sasa twende mezani na asilimia 5 yetu. Tuchukulie kikundi cha mafundi watano kimepata kazi ya sketi 100. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila mtu aweke za sokoni kwake, lakini hesabu yenyewe haibadiliki.

Sketi ni ya marinda, kiuno sentimita 66, urefu ukishamalizika sentimita 65. Ongeza sentimita 5 za pindo, kwa sababu mtoto atakua na mama yake atataka kulishusha, na sentimita 1 ya kushonea kiunoni. Jumla 71. Kitambaa kinasinyaa kwa asilimia 5, kwa hiyo unakata 75 ili baada ya kufuliwa zibaki 71. Kama jora lina upana wa sentimita 150, upana huo mmoja unatosha sketi nzima: kiuno kinachukua 66 na zilizobaki zinaingia kwenye marinda na mshono. Mkanda wa kiuno unahitaji upapi wa sentimita 8, lakini upapi mmoja wa upana mzima wa jora unatoa mikanda miwili, kwa hiyo kila sketi inalipia sentimita 4 tu. Tumefika 79. Weka mfuko na upotevu mdogo wa mwisho wa jora, sema sentimita 85.

Fundi wa mtaani akiulizwa na mzazi anunue kitambaa kiasi gani kwa sketi hiyo, atajibu mita moja na robo. Hasemi uongo. Kwa sketi moja, iliyokatwa peke yake, na fundi asiyejua itasinyaa kiasi gani, mita moja na robo ni kauli ya usalama. Hatari ni kuichukua kauli hiyo ya usalama na kuizidisha mara 100.

Tuseme mita ni shilingi 7,000. Kwa sentimita 85, kitambaa cha sketi moja ni shilingi 5,950. Zipu, kifungo, uzi na kitambaa kigumu cha kutia kiunoni, 1,200. Malipo ya fundi, 3,000. Umeme, kodi ya chumba na usafiri, 1,000. Jumla ni 11,150. Ukiuza kwa 14,000, unabaki na 2,850 kwa kila sketi, yaani 285,000 kwa kazi nzima. Sasa badilisha kitu kimoja tu. Kata kwa mita moja na robo. Kitambaa kinakuwa 8,750, jumla inakuwa 13,950, na kinachobaki ni shilingi 50 kwa sketi. Sketi 100, shilingi 5,000. Mafundi ni walewale, cherehani zilezile, mteja yuleyule. Tofauti iko mezani tu. Na sketi moja ikirudi, imekula faida ya nyingine zote.

Nimeona kikundi kikibishana nusu siku kuhusu kumpunguzia fundi shilingi 200 kwenye malipo yake, huku sentimita 40 za kitambaa zikianguka sakafuni kwa kila nguo.

Upana wa jora nao unadanganya. Kuna kitambaa cha sentimita 115 ambacho muuzaji atakupa kwa shilingi 5,500 kwa mita, nawe ukadhani umeokoa 1,500. Upana huo hautoshi sketi moja ya marinda, inabidi kuunga. Sketi mbili zinakula vipande vitatu vya sentimita 75, jumla 225, na papi mbili za mikanda za sentimita 8, kwa kuwa upapi mmoja sasa unatoa mkanda mmoja tu. Hiyo ni sentimita 241 kwa sketi mbili, sawa na mita 1.2 kwa moja. Mita 1.2 kwa 5,500 ni shilingi 6,600. Kitambaa cha bei ndogo kimezidi kile cha bei kubwa kwa shilingi 650 kwa kila sketi, na bado fundi anashona viungo vya ziada. Kabla ya kuuliza bei, uliza upana, kisha ulipime jora mwenyewe kwa futi, maana kilichoandikwa kwenye karatasi na kilichopo havilingani kila mara.

Ili ukate kwa pamoja unahitaji meza ndefu, ya mita 3 angalau, isiyo na mbao zilizopandana, na paterni za karatasi ngumu. Tabaka 10 au 15 za kitambaa cha gramu 200 zinakatika kwa mkasi mkubwa wenye makali na mkono uliozoea. Zaidi ya hapo zile za chini huteleza, na sketi ya kumi na nane inatoka fupi kuliko ya kwanza. Kitandike kitambaa bila kukivuta. Kitambaa kilichovutwa kikiwa mezani hurudi kikishakatwa, na vipimo vyote vinakosea pamoja.

Jambo jingine la mezani ni majora yenyewe. Mita 85 huenda zisitoke kwenye jora moja, na majora mawili ya rangi moja si lazima yametoka kwenye mkupuo mmoja wa kutia rangi. Dukani, chini ya taa, hutaona tofauti. Toka nayo nje mchana, uweke kipande juu ya kipande. Ukiona tofauti, usiache kununua kwa sababu hiyo tu, ila kila sketi ikatwe yote kwenye jora moja, mkanda na mwili. Mkandani mwa baadhi ya sketi za shangazi kulikuwa na bluu iliyoiva kuliko ya chini, na hadi leo nikipita barabarani jicho langu linaanzia hapo.

Ushonaji wenyewe nitaupita haraka, kwa kuwa mafundi wetu wengi wanaujua. Uzi uwe wa poliesta hata kama kitambaa ni pamba, kwa sababu uzi wa pamba huoza kwa jasho na jua. Mishono iwe minne au mitano kwa sentimita. Makalio ya kaptula yashonwe mara mbili, midomo ya mifuko ikazwe, na kingo zote za ndani zipite ovaloki. Anayekagua asiwe yule aliyeshona.

Ratiba ndiyo inayoshinda vikundi vingi vizuri. Ukianza kutafuta kitambaa Desemba, bei imepanda na huna muda wa kufua hata kipande. Vipimo vya kitambaa vifanyike Agosti na Septemba. Jora linunuliwe Oktoba. Novemba, kabla ya shule kufungwa, pima wanafunzi wa shule mnayofanya nayo kazi. Kwa wanaoingia darasa la kwanza na kidato cha kwanza, ambao hawajaonekana bado, shona kwa saizi tano au sita na uweke nyingi zaidi kwenye zile za katikati. Desemba ni ya kushona na kukagua. Angalia maana yake kifedha: fedha inatoka Oktoba na inarudi Januari hadi Machi, tena kwa vipande, kwa sababu mzazi wa Januari ana daftari, viatu na michango yote mbele yake. Kwa sketi 100 tu, kitambaa peke yake ni shilingi 595,000 zilizolala miezi mitatu.

Mikopo ya halmashauri kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kuziba pengo hilo, ila tarehe ya kuanza kurejesha iangaliwe kabla ya kuweka saini. Marejesho yanayoanza Novemba yatawakuta mna majora, hamna fedha. Nafuu kubwa zaidi ni malipo ya kutangulia: mzazi atoe gharama ya kitambaa wakati mtoto anapopimwa, amalizie akichukua nguo. Wazazi wengi hukubali wakioneshwa kipande kilichofuliwa mara tatu kikiwa kimeshonewa cheupe chake.

Kuanzia Aprili meza inabaki tupu, na hapo ndipo nguo za kazi zinapopata nafasi. Kitambaa cha drili cha gramu 240, kikipita maswali yaleyale, kinafaa ovaroli za gereji, makoti ya maabara za shule na aproni za mama lishe na wauza samaki. Mteja huyu ni mwepesi kuliko mzazi, kwa sababu hanunui kwa msimu, na saizi nne tu zinatosha karibu watu wote. Anachohitaji ni mifuko. Kabla ya kukata aproni ya muuza samaki, simama sokoni uangalie mikono yake inakwenda wapi: kisu, fedha, simu. Fedha zinahitaji mfuko wenye kifuniko, ulio juu ya kiuno, mahali ambapo maji ya samaki hayafiki.

Kazi nyingine ya miezi hiyo ni zawadi za khanga na kitenge, na hapo nina msimamo unaowaudhi baadhi ya wenzangu. Khanga isikatwe. Imebuniwa ikiwa nzima: pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina liko chini yake. Ukiikata mkoba, unapoteza jina au unalikata katikati ya neno, na kitambaa chake chepesi hakibebi hata kilo mbili za sukari. Doti iliyotenganishwa, ikapindwa vizuri, ikapigwa pasi na kufungwa kwa utepe, jina likiwa limechaguliwa kwa ajili ya anayepewa, inapata bei nzuri kuliko mikoba miwili iliyotoka humo, na kazi yake ni ya nusu saa. Mikoba, vifuko vya kalamu na aproni za zawadi zishonwe kwa kitenge, ambacho ruwaza zake zinakatika popote, kikitiwa bitana ya marekani. Vyote vifuliwe kabla ya kuunganishwa. Bitana ikisinyaa peke yake ndani ya mkoba, mkoba unajikunja na hakuna pasi itakayounyoosha.

Na mabaki ya sare? Nimesikia mipango mingi inayojengwa juu ya vipande vinavyobaki. Ukikata sketi kwa hesabu ya hapo juu, kinachobaki ni sentimita 6 kwa kila moja, na mfuko umeshachukua sehemu yake. Kikundi chenye mabaki ya kutosha kushona mikoba 50 kina tatizo kwenye meza ya kukatia, na dawa yake iko hukohuko.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wakuu na kamati za shule, kwa kuwa wao ndio wanaoandika fomu ya kujiunga. Fomu nyingi zinasema sketi ya bluu, basi, na bluu ziko nyingi. Nyingine zinataja duka moja tu, na mzazi hana pa kukimbilia. Ombi langu ni kwamba kwenye ubao wa matangazo wa shule mbandike kipande cha kitambaa chenyewe, sentimita 20 kwa 20, kilichofuliwa mara tatu, pamoja na uzito wake na upana wa marinda. Kibandikeni Septemba. Kila fundi wa mtaa huo, mwenye cherehani moja au kumi, atakuja na futi yake kukitazama, na atakuwa na miezi mitatu ya kukitafuta.